Posti 91 kwenye jedwali, 64 zimekataliwa: tatizo ni tarehe au ni nini?

#1 Njoro_Pembejeo
Habari wadau. Nina jedwali la posti 91 za duka la pembejeo hapa Nakuru, moja kwa kila siku kuanzia 1 Aprili hadi 30 Juni, zote saa 09:00. Safu ni tatu tu: tarehe na saa, maandishi, kiungo cha picha. Nimeihifadhi kama CSV nikaipakia leo, 28 Machi. Chombo cha kuratibu kimekubali 27 na kukataa 64. Nimepitia safu ya tarehe mstari kwa mstari na zote zimeandikwa siku/mwezi/mwaka. Kwa nini 27 zipite na 64 zigome ilhali zimeandikwa kwa mtindo mmoja? Nataka kuzipakia hizo 64 upya jioni hii.

#2 Ziwani_Kis
Hizo ni picha. Kiungo kikiwa cha Drive, posti inakataliwa. Badilisha viungo na utaona zote zimepita.

#3 DadaJedwali
Njoro, usipakie chochote jioni hii. Hizo 64 si hatari, maana zimebaki nyumbani. Hatari iko kwenye 27 zilizokubaliwa.

Tuhesabu. Tuseme kuna mahali siku na mwezi vimesomwa kinyume, mwezi ukitangulia kama Wamarekani wanavyoandika. Siku yoyote inayozidi 12 haiwezi kuwa mwezi, kwa hiyo 13/04 inakataliwa kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Aprili ina siku 18 za namna hiyo, Mei 19, Juni 18. Jumla 55. Zinabaki 36, siku 12 kwa kila mwezi, na hizi zinasomeka bila malalamiko, ila kinyume. 1/4 inakuwa 4 Januari, 2/4 inakuwa 4 Februari, 3/4 inakuwa 4 Machi. Tarehe hizo zimeshapita, kwa hiyo nazo zinakataliwa: tatu kwa kila mwezi, jumla tisa. 55 na 9 ni 64. Zilizobaki ni 27.

Fungua kalenda ya chombo chako. Kama niko sahihi, utakuta posti tarehe 4, 5 na 6 za kila mwezi, kuanzia Aprili mpaka Desemba, na hakuna siku nyingine yenye kitu. Angalia pia kama ujumbe wa kukataliwa ni wa aina moja au mbili.

#4 Njoro_Pembejeo
Dada, ni kama unaiona skrini yangu. Tarehe 4, 5, 6 kila mwezi hadi Desemba. Na ujumbe ni wa aina mbili: 55 zinasema tarehe haieleweki, 9 zinasema muda umepita. Posti ya kupanda mahindi niliyoiweka 12 Aprili imekaa 4 Desemba.

#5 DadaJedwali
Basi kati ya hizo 27, sahihi ni tatu tu, na hizo zimeokoka kwa bahati: 4/4, 5/5 na 6/6, ambazo ukizigeuza hazibadiliki. Nyingine 24 ziko siku isiyo yake. Ya kwanza itakayokosea itatoka 5 Aprili, na ni ile uliyoiandikia 4 Mei.

Futa zote 27 kwenye foleni kabla ya kupakia faili jipya, pamoja na hizo tatu nzuri. Ukiziacha, faili lililosahihishwa litazileta tena na wateja wataona kitu kimoja mara mbili.

#6 Fundi_Kondele
Hesabu ya DadaJedwali ni safi. Ninachotaka kujua ni nani aliyegeuza, kwa sababu watu wengi watakimbilia kulaumu Excel.

Excel yenye mipangilio ya Marekani ikifungua CSV, inaisoma 01/04/2026 kama 4 Januari. Hiyo ni kweli. Lakini ukihifadhi tena kama CSV, inaandika kile kinachoonekana kwenye seli, yaani 1/4/2026. Herufi ni zilezile, sufuri tu zimeanguka. Chombo kinachosoma siku kwanza bado kingeielewa kuwa 1 Aprili. Kwa hiyo Excel peke yake haitoshi kuleta matokeo haya kupitia CSV, labda kama safu ilikuwa imepangiwa fomati ya yyyy-mm-dd. Hapo 1/4 ingeandikwa 2026-01-04 na kosa lingeganda ndani ya faili.

Njoro, fungua CSV kwa Notepad, usitumie Excel. Mstari wa kwanza na wa kumi na tatu vinasomekaje?

#7 Njoro_Pembejeo
Wa kwanza: `1/4/2026 9:00`. Wa kumi na tatu: `13/04/2026 09:00`. Niliandika zote kwa sufuri.

#8 Fundi_Kondele
Vizuri. Sufuri zimeanguka kwenye siku 1 hadi 12 na zimebaki kuanzia 13. Excel iliigusa na iliisoma kinyume: ile ya kwanza iliiona tarehe, ya kumi na tatu ikaiona maneno matupu. Lakini siku bado imetangulia kwenye faili. Aliyeigeuza mwishoni ni chombo chenyewe. Tazama mpangilio wa tarehe kwenye akaunti yako.

#9 DadaJedwali
Hapo kidogo tunatofautiana. Vyombo vingine havifuati mpangilio wa akaunti. Vinakisia kutoka mistari ya mwanzo, na 1/4 haiwezi kumwambia mtu yeyote ni ipi siku na upi mwezi. Faili lingeanza na 13/04, huenda lingesomwa sawa lote.

#10 Fundi_Kondele
Kukisia kunawezekana, ila mpangilio wa akaunti ndio wa kutazama kwanza kwa sababu unaonekana kwa macho.

#11 Saa_za_Afrika
Mbona hakuna aliyetaja saa za eneo? Akaunti ikiwa kwenye saa za nje, tarehe zote zinahama. Hilo ndilo tatizo lake.

#12 DadaJedwali
@Saa_za_Afrika saa za eneo zinahamisha saa, hazigeuzi siku kuwa mwezi. Kosa lenyewe linakuonyesha lilikotoka, ukilipima kiasi chake. Posti ikichelewa saa tatu kamili, akaunti iko kwenye UTC: 09:00 ya UTC ni 12:00 hapa kwetu. Ikitoka saa sita kabla ya wakati, kuna mtu aliandika saa tatu asubuhi kama 3:00, nayo ikatoka usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Hiyo ya pili naiona sana mwandishi anapofikiri kwa saa za Kiswahili na jedwali linasoma saa 24.

Lakini umegusa jambo moja la kweli. Posti ya 01:00 usiku Nairobi ni 22:00 ya jana yake kwa UTC, kwa hiyo ukikagua orodha inayosomeka kwa UTC, posti za usiku wa manane zitaonekana siku moja nyuma. Za saa 09:00 hazifiki huko.

#13 Molo_Baridi
Ongeza hii kwenye hesabu ya kosa: tarehe zikikosea kwa miaka minne na siku moja, yaani siku 1462, jedwali lilitengenezwa kwa mfumo wa 1904 uliokuwa kwenye Excel za Mac za zamani, na mtu akanakili seli kulipeleka faili la mfumo wa 1900. Na ukiona 46113 mahali pa tarehe usishtuke. Hiyo ndiyo 1 Aprili 2026, imevuliwa fomati tu.

#14 Njoro_Pembejeo
Nimeangalia akaunti. Lugha ni Kiingereza cha Marekani, lakini kiolezo chao kinaonyesha mfano wa siku kwanza. Na saa za eneo zimeandikwa London.

#15 Fundi_Kondele
London! Hiyo ibadilishe leo leo uweke Nairobi. Kesho 29 Machi Uingereza wanasogeza saa mbele. Leo tofauti yetu na wao ni saa tatu, kuanzia kesho ni saa mbili. Ungejaribu posti leo ukaona imechelewa saa tatu, ungepunguza saa tatu kwenye jedwali zima, na Aprili yote ingetoka saa moja mapema. Sisi hatusogezi saa, kwa hiyo Nairobi ni +3 mwaka mzima.

#16 DadaJedwali
Na kiolezo kinachosema siku kwanza kinanipa nguvu kwamba kilikisia.

#17 Fundi_Kondele
Au kiolezo ni picha tu na lugha ya akaunti ndiyo inayotawala. Hatujamaliza hapo.

#18 Bungoma_Ujumbe
Samahani nimechelewa kuingia. Mimi natuma ujumbe wa simu kwa wakulima, jedwali la namba na maneno. Ujumbe wangu una herufi 142 na bado natozwa kama jumbe tatu. Urefu unahesabiwaje?

#19 Molo_Baridi
Huo si uzi wake ndugu, wenzako wanazungumzia posti za mitandao, lakini jibu lako ni fupi. Tafuta alama ya ng' kwenye maneno yako. Ikiwa ni ile iliyopinda (’), inayotokana na Word, ujumbe mzima unahama kutoka herufi 160 kwenda 70, na ukigawanywa kila kipande kinabeba 67. 142 kwa 67 ni vipande vitatu. Weka alama iliyonyooka (') na utarudi kwenye ujumbe mmoja. “Ng’ombe” mmoja tu anatosha kukugharimu.

#20 Bungoma_Ujumbe
Ni kweli, kuna ng’ombe wawili na ng’ambo moja. Asante.

#21 Ziwani_Kis
Hiyo alama iliyopinda inasumbua hata kwenye CSV. Niliwahi kuona “ngâ€™ombe” kwenye ukurasa wa watu.

#22 Fundi_Kondele
Hiyo inatokea faili la UTF-8 likisomwa kama fomati ya zamani ya Windows. Kwenye Excel chagua `CSV UTF-8 (Comma delimited)` unapohifadhi. Ukichagua ile CSV ya kawaida, emoji zinageuka alama za kuuliza, na ukishahifadhi hivyo haziwezi kurudi. Kwa hiyo tunza jedwali asili, CSV iwe nakala ya kupakia tu, na usiifungue tena kwa Excel baada ya kuihifadhi. Sufuri za Njoro zilianguka kwa kufungua namna hiyo.

#23 Njoro_Pembejeo
Sasa niandike tarehe vipi zisigeuzwe na yeyote?

#24 DadaJedwali
Tenga siku, mwezi na mwaka katika safu tatu, na saa ya nne. Siku A, mwezi B, mwaka C, saa D. Mtu akiandika 4 chini ya “mwezi” hakuna wa kuigeuza. Kisha safu ya tano iunganishe:

```
=TEXT(DATE(C2,B2,A2)+D2,"yyyy-mm-dd hh:mm")
```

Itatoa 2026-04-01 09:00. Mwaka ukitangulia, vyombo huchukua kinachofuata kuwa mwezi. Kama kiolezo chako hakikubali muundo huo, badilisha maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu yafanane na kiolezo, safu nyingine usiziguse.

#25 Molo_Baridi
Nzuri, lakini DATE ina tabia moja. Ukiipa 31 Aprili hailalamiki, inakupa 1 Mei kimyakimya, na siku hiyo utakuwa na posti mbili. Weka safu ya ukaguzi pembeni:

```
=IF(DAY(DATE(C2,B2,A2))<>A2,"HAIPO",IF(DATE(C2,B2,A2)+D2<NOW()+1/24,"IMEPITA","SAWA"))
```

Hiyo 1/24 ni saa moja ya nafasi, kwa sababu vyombo vingi havipokei posti inayotoka dakika hii hii. Kama unatumia Google Sheets, nenda `File > Settings` uweke saa za eneo za Nairobi, maana NOW inafuata saa za jedwali, haifuati saa ya ukutani kwako.

#26 DadaJedwali
Kweli kabisa, 31 Aprili nilikuwa nimeiruka. Asante.

#27 Njoro_Pembejeo
Imekubali, zote SAWA. Upande wa urefu, LEN inanionyesha posti 11 zinazozidi 280 za kwenda X. Nizikate?

#28 Ziwani_Kis
Kata. 280 ni 280.

#29 Fundi_Kondele
Usikate bado. X inahesabu kila kiungo kuwa herufi 23, kiwe kirefu au kifupi. Chukua posti yenye herufi 322 ambayo ndani yake kuna kiungo cha herufi 96. Toa 96, ongeza 23, unapata 249. Inaingia na nafasi inabaki. Kwenye Google Sheets:

```
=LEN(REGEXREPLACE(F2,"https?://\S+",REPT("x",23)))
```

F ni safu ya maandishi.

#30 Molo_Baridi
Tahadhari mbili. Hiyo `\S+` inameza kila kitu mpaka nafasi inayofuata, kwa hiyo koma au nukta iliyogandana na kiungo haihesabiwi, na posti ya 281 itaonekana 280. Nayo ikikutana na viungo viwili vilivyobanana bila nafasi itavihesabu kimoja. Pili ni emoji. X inahesabu emoji moja kuwa herufi mbili, hata ile ya familia ya watu wanne iliyoshonwa kwa vipande. LEN inahesabu vipande vyote, kwa hiyo hapo inakudanganya kwa kuzidisha. Mimi naweka mpaka wa 270 kwenye ukaguzi na kusoma kwa macho zile chache zinazozidi.

#31 Njoro_Pembejeo
Baada ya fomula zimebaki mbili tu zinazozidi. Hizo nitazikata kwa mkono. Na zile za Instagram?

#32 Fundi_Kondele
Instagram inakupa herufi 2,200 kwenye maelezo, hutazifikia kwa posti za mbolea. Ila kiungo ulichokiweka ndani ya maelezo hakibonyezeki kule. Kama posti hiyohiyo inakwenda pande mbili, tenga safu ya maandishi kwa kila mtandao.

#33 Ziwani_Kis
Sasa turudi kwa picha nilizosema tangu #2. Zile za Drive.

#34 DadaJedwali
Ulikuwa na haki ya kuuliza, ila kwa zile 64 jibu halikuwa hilo, ujumbe wote ulitaja tarehe. Huenda chombo hakijazifikia picha bado. Vingi hukagua tarehe kwanza na picha baadaye, kwa hiyo ukisharekebisha tarehe unaweza kukutana na kundi jipya la makosa. Njoro, viungo vyako vinaanza vipi?

#35 Njoro_Pembejeo
`https://drive.google.com/file/d/` halafu herufi nyingi, mwisho `/view?usp=sharing`. Nikibonyeza picha inafunguka.

#36 Fundi_Kondele
Inafunguka kwako kwa sababu kivinjari kinaonyesha ukurasa wa Drive wenye picha ndani yake. Chombo kinataka picha yenyewe, na kinapewa ukurasa. Jaribu kwenye Windows 10 au 11, andika `curl.exe` yenye .exe, maana PowerShell ya zamani ikiona `curl` inaita kitu kingine:

```
curl.exe -sIL "KIUNGO"
```

Soma jibu la mwisho, si la kwanza, kwa sababu viungo huruka mara kadhaa. Unatafuta 200 na mstari wa content-type. Ukiona `text/html`, umepewa ukurasa hata kama 200 imetokea. Ukiona `image/jpeg`, uko sawa. Kwa Drive chukua ule mfuatano wa herufi wa katikati uuweke hapa:

```
https://drive.google.com/uc?export=download&id=MFUATANO
```

na ruhusa ya faili iwe `Anyone with the link`. Kwa Dropbox ni rahisi zaidi, badilisha `dl=0` iwe `dl=1`.

#37 Molo_Baridi
Content-type usiiamini mia kwa mia. Seva nyingi huitoa kwa kuangalia mkia wa jina la faili. Picha ya webp iliyobadilishwa jina ikawa .jpg itakuambia `image/jpeg`, halafu ikataliwe mwishoni, hasa Instagram ambayo kwa njia ya vyombo inapokea JPEG tu. Ipakue moja uifungue kwa Notepad: ukiona neno WEBP karibu na mwanzo, umeipata. Pia kuna seva zinazokataa ombi la `-I` na kujibu 403 au 405 ilhali picha ipo. Kabla ya kukifuta kiungo cha namna hiyo, kifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari.

#38 Ziwani_Kis
Na mtu asinakili anwani ya picha kutoka Facebook. Leo inafanya kazi, baada ya muda inakufa. Posti ya Juni itakosa picha.

#39 Saa_za_Afrika
Drive yenyewe kwa picha 91 kwa mkupuo si itazuia?

#40 Fundi_Kondele
Inaweza kugoma maombi yakiwa mengi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wengine huhamishia picha kwenye tovuti ya duka lenyewe. Majina hapo yasiwe na nafasi, na kumbuka seva nyingi huona Mbolea.JPG na mbolea.jpg kuwa faili mbili tofauti.

#41 DadaJedwali
Mimi bado nasema Drive inatosha kwa kazi hii mradi chombo kinachukua picha wakati wa kupakia. Kama kinazichukua siku ya kutoa posti, basi Fundi ana hoja. Njoro, hilo liulize kwa watu wa chombo.

Na usirushe 91 kwa pamoja. Pakia tatu kwanza: ya 2 Aprili, kwa kuwa ukiigeuza inakuwa 4 Februari na utaona mara moja, ya 13 Aprili, na ile yenye maandishi marefu kuliko zote. Zikikaa mahali pake kwenye kalenda, zifute, halafu upakie faili zima.

#42 Njoro_Pembejeo
Nimefuta zile 27, nimeweka Nairobi, na nimepakia tatu. 2 Aprili imekaa 2 Aprili saa 09:00. 13 Aprili imekaa. Ile ndefu imekataliwa, inasema picha haisomeki, na curl inaniambia `image/jpeg`.

#43 Molo_Baridi
Ifungue kwa Notepad utuambie neno la kwanza unaloliona.